Don Elbio na Kubofya Mara Mbili

Mwalimu Yanet Olivera aliingia ukumbini Alhamisi ile amechelewa, nywele zimelowa mvua, na jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba chupa za maji moto na vibuyu vya mate, ile chai yetu chungu ya majani, visiwekwe juu ya meza za kompyuta. Nikajua mchana utakuwa mgumu. Mtu wa kwetu Uruguay ukimwambia aweke mate yake sakafuni, ni kama umemwambia avue viatu mbele za watu. Wilmar Techera, aliyekuwa na bucha pale kona kabla magoti hayajamshinda, aliibana chupa yake katikati ya miguu, akanung'unika kwamba hata gerezani watu hunywa mate yao mezani.

Mafunzo yenyewe yalikuwa kwenye ukumbi wa klabu yetu ya bocha, ule mchezo wa kuviringisha mipira. Manispaa ilikuwa imeleta kompyuta chakavu kutoka shule fulani na kumleta Yanet awafundishe wastaafu. Mashine zilikuwa chache kuliko watu, kwa hiyo tulikaa wawiliwawili. Mimi, Zulma, niliyefua mashuka ya hospitali mpaka nikastaafu, niliwekwa pamoja na Elbio Quagliotti.

Elbio kila mtu alimjua, hata ambao hawakuwahi kumwona uso. Alikuwa sauti ya redio yetu. Kila asubuhi, kwa miaka yote ile ambayo mashambani hakukuwa na simu, alikuwa akisoma salamu na taarifa za watu: mama wa familia fulani ametoka hospitali, apokewe getini jioni, farasi mwekundu mwenye doa kwenye paji amepotea, atakayemwona aseme. Mimi mwenyewe nilijua kwa sauti ya Elbio kwamba dada yangu amejifungua salama. Baadaye redio ikauzwa, wamiliki wapya wakaweka muziki unaojipiga mchana kutwa, na kanda za zamani zikawekwa uani zingojee gari la taka. Mpwa wake Elbio akawahi kuokoa chache, akazihamishia kwenye kompyuta huko Montevideo, kisha akamletea mjomba wake zote ndani ya flashi ndogo kama kidole gumba.

Kati ya hizo kanda kulikuwa na moja ya Mirta, mkewe. Mwaka wa mafuriko makubwa Elbio alikwama ng'ambo ya mto, na Mirta, ambaye alikuwa hapendi hata kupiga picha, akakaa mbele ya kipaza sauti akasoma taarifa za watu mpaka mumewe aliporudi. Sasa Mirta alikuwa ameshafariki. Sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine popote.

Klabu nayo ilikuwa inaadhimisha siku ya kuanzishwa kwake Jumapili ile, na Elbio, akiwa baa, alitangaza mbele ya kila mtu kwamba atawasikilizisha wanachama sauti ya Mirta, na kwamba ataifungua yeye mwenyewe kwa mkono wake. Wilmar akamwambia kwamba atakuja na kiti cha kulalia, maana kungoja kutakuwa kurefu.

Basi ndiyo sababu alikuwa pale, flashi mfukoni, kofia yake ya boina juu ya mkono wa kulia. Ile kofia ilikuwa na kazi. Mkono wa Elbio ulikuwa unatetemeka. Ukitulia juu ya paja ulitetemeka kidogo tu, lakini akiunyoosha kushika kitu ulianza kucheza kama jani. Supu alikunywa kwa mikono miwili. Sisi wa mtaani tulijua, na kwa kuwa tulijua, hakuna aliyewahi kulisema. Yanet hakuwa wa mtaa wetu.

Akasimama mbele ya ukuta, picha ya skrini yake imetandazwa pale kwa mashine ya kurushia picha, akaanza. Alisema leo ni mambo matatu tu: kubofya, kubofya mara mbili, na kuburuta. Akainua kipanya hewani tukione. Vitufe ni viwili, akasema, na leo cha kulia tukisahau kabisa. Kazi yote ni ya kile cha kushoto, kinachokaa chini ya kidole cha shahada. Ukibofya mara moja juu ya kitu, umekichagua. Kinabadilika rangi kukuonyesha kwamba kompyuta imekuelewa, lakini hakijafunguka. Ukibofya mara mbili upesi, kipanya kikiwa hakisogei hata kidogo, kinafunguka. Na kuburuta ni kubonyeza bila kuachia, ukasogeza kipanya huku kidole bado kimebana, ukafika unapotaka, ndipo ukaachia.

"Ukiachia njiani, kinabaki njiani," akasema. "Ukiachia juu ya folda, kinaingia ndani ya folda. Kwa hiyo angalieni mnapoachia."

Alikuwa anasema vizuri, siwezi kumsingizia. Tatizo lake ni kwamba alikuwa anasema kama mtu anayesoma majina ya vituo vya basi. Nilinyoosha mkono nikamuuliza nitajuaje ni wapi pa kubofya mara moja na ni wapi pa mara mbili, kwa sababu wiki iliyopita alitufundisha intaneti, na kule tulikuwa tunabofya mara moja na mambo yanafunguka.

"Utazoea, doña Zulma," akanijibu.

Hilo jibu halikunisaidia. Kama ningekuwa nimeshazoea ningekuwa nyumbani nakaanga tortas fritas, maandazi yetu ya bapa, siku yenyewe ya mvua namna ile.

Tukaanza mazoezi. Kwa upande wangu, nilibofya folda, ikawa ya bluu. Nikabofya mara mbili, ikabaki ya bluu. Nikabofya kama ninayebisha mlango wa daktari, yakafunguka madirisha mawili moja juu ya jingine, nisijue lipi ni langu. Nyuma yangu Wilmar alikuwa ameburuta pipa la taka la kompyuta mpaka katikati ya skrini, akawa anatafuta namna ya kulirudisha pembeni, kila akiliachia linakaa pasipotakiwa. Kila meza ilikuwa inamwita mwalimu. Alikuwa anakimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, akimshika mtu mkono juu ya kipanya, anambofyea, kitu kinafunguka, anasema "umeona?" na kuondoka. Na wewe umebaki hujaona kitu, maana kidole kilichofanya kazi ni chake.

Elbio aliomba tutumie flashi yake. Yanet akaichomeka, akamfungulia mwenyewe. Ndani kulikuwa na folda mbili zimekaa jirani. Moja iliitwa Redio. Nyingine iliitwa Harusi, picha za mpwa wake, kwa sababu flashi ilikuwa ya yule mpwa hapo mwanzo. Yanet akaifungua Redio, tukaona majina ya kanda yamepangwa, na mojawapo ni Mirta.

"Haya, don Elbio. Mara mbili, upesi," akasema, akaenda meza nyingine.

Elbio akatoa mkono chini ya boina. Kishale cha skrini kilianza kucheza kabla hajagusa kitufe. Akakilenga kwenye jina la Mirta kama mtu anayetia uzi sindanoni, akabofya. Likawa la bluu. Akapumua, akajiweka sawa, akabofya tena. Badala ya sauti, jina la Mirta likazungukwa na kisanduku chembamba, na ndani yake mstari unawaka na kuzima.

"Hiki nini?" akaniuliza.

Sikujua. Sasa najua: ukibofya mara ya pili kwa kuchelewa, na hasa juu ya jina, kompyuta inadhani unataka kubadilisha jina. Lakini siku ile hakuna aliyetuambia. Akainua mkono wa kushoto amwite mwalimu, ule wa kulia ukateleza kwenye kipanya ukaangukia vitufe vya herufi, na palipokuwa na Mirta pakaandikwa jjjkkkj. Akashtuka, akabofya pembeni ili kile kisanduku kiondoke. Kikaondoka kweli. Jina la Mirta nalo likawa halipo.

Yanet alipofika hakuyaona hayo. Aliona tu mzee amekunja uso. Elbio akamwambia haifunguki. Yanet akasema ni kwa sababu anachelewa, bofyo mbili lazima zifuatane. Elbio akazifuatanisha, mkono ukahama kati ya ya kwanza na ya pili, kompyuta ikazihesabu kuwa bofyo moja hapa na moja pale. Hakuna kilichofunguka.

"Upesi zaidi, don Elbio."

Akajaribu.

"Upesi, lakini usikisogeze."

"Nimekusikia, binti. Mkono ndio haujasikia."

Watu wawili watatu wakacheka. Wilmar, ambaye hana mpaka akianza, akasema kwa sauti kwamba labda kompyuta inangoja kwanza salamu kutoka mashambani. Ukumbi mzima ukacheka, na nilimwona Yanet naye anatabasamu, siyo kwa ubaya, ni uchovu tu. Elbio hakucheka. Masikio yalikuwa mekundu.

Yanet akasema basi waanze upya kutoka nje, akaifunga Redio, tukarudi pale penye folda mbili. "Hii ni kubwa, ni rahisi kuilenga. Ifungue hii kwanza."

Elbio akaubana mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akabofya kwa hasira. Bofyo ya kwanza ikawa nzuri. Kwenye ya pili kidole kilibana, na kabla hakijaachia mkono ukaruka kando. Nikaiona folda ya Redio inateleza kama kivuli, ikapanda juu ya Harusi, kisha akaachia. Ikatoweka. Ikabaki Harusi peke yake katika ule weupe wote.

Tuliinamia skrini wote wawili. Kisha Elbio akamwambia mwalimu, polepole, kwa ile sauti yake ya redio, "Umeifuta."

Yanet alikuwa ameshageukia meza ya nyuma. Akageuka akauliza imekuwaje. Elbio akamwambia kwamba amemfutia redio yake, amemfutia mkewe, na yote kwa sababu ya upesi, upesi, upesi. Yanet akasema asiguse kitu, kila kitu kinaweza kurudi, akanyoosha mkono kwenye vitufe. Lakini Elbio alishaichomoa flashi, bila kuuliza mtu, hivi hivi.

"Usiichomoe hivyo!" Yanet akapaza sauti, na hiyo ndiyo iliyoharibu zaidi, kwa sababu Elbio alidhani sasa amemaliza hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Akavaa boina, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Mwalimu akasimama pale amekumbatia kipanya. Alikuwa karibu kulia, na pia alikuwa karibu kumrushia mtu kile kipanya. Wilmar akauliza kama sasa anaweza kurudisha mate mezani.

Usiku huo sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda manispaa. Yanet asubuhi alikuwa anafanya kazi kwenye dirisha la leseni za udereva, na foleni ilikuwa mpaka mlangoni. Nikapanga foleni kama wengine. Nilipofika dirishani akanitazama kwa macho ya mtu ambaye hakutaka kuniona. Akaniambia kwa haraka kwamba alieleza mambo yote, neno kwa neno kama yalivyo kwenye kitabu cha mafunzo, na kwamba mtu asipofuata yeye afanye nini, na watu ni wengi na yeye ni mmoja.

Nikamwambia kuhusu mkono.

Nilidhani atasikitika, kumbe alikasirika. "Mmekaa naye wote pale, mnajua, mnaniacha namwambia upesi, upesi. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Nikamjibu kwamba kwetu mambo kama hayo hayasemwi. Akaniuliza kwetu ni wapi, maana yeye ametoka mji ulio upande wa pili wa daraja. Alikuwa na haki. Bwana mmoja nyuma yangu akauliza kama tunaongea leseni au tunaongea maisha. Yanet akanisogeza kando, akaandika namba yake kwenye kipande cha karatasi, akasema kesho atakuja na kompyuta yake, nimpeleke kwa Elbio.

Jumamosi tulibisha hodi kwake muda mrefu. Akaongea nasi kupitia dirisha la jikoni, pazia likiwa limefunguliwa nusu. Alisema mafunzo ameacha, na kwamba Jumapili hatakuja, na klabu iweke muziki wowote inaoupenda. Mimi nikaanza kumbembeleza. Yanet akanikatiza.

"Sikuja kukufundisha, don Elbio. Nimekuja kutafuta folda. Sidhani kama imefutika. Nadhani umeiburuta."

"Sijaburuta kitu. Kuburuta tulikuwa hatujafika."

"Ndiyo. Ndivyo inavyokuwa. Kidole kikibana na mkono ukisogea, hapo umeshaburuta, hata kama hukutaka."

Akalifikiria hilo. Kisha tukasikia komeo.

Jikoni kulikuwa safi kuliko kwangu. Yanet akaweka kompyuta yake mezani, akachomeka na kipanya, maana alisema ile sehemu bapa ya kugusa ni balaa hata kwake. Akaingiza flashi. Ikaonekana Harusi peke yake. Elbio akageuka kuangalia jiko. Yanet akaifungua Harusi, na mle ndani, kati ya picha za bibi harusi, ilikuwamo folda ya Redio, imekaa kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Iliachiwa juu ya hii, ikaingia ndani yake," akasema. "Hakuna kilichopotea."

Akaifungua. Elbio akavaa miwani, akapitisha macho juu mpaka chini. Akapitisha tena. Jina la Mirta halikuwapo. Akavua miwani. Hapo ndipo nilipokumbuka kile kisanduku chembamba, nikamweleza Yanet jinsi tulivyobofya taratibu na jinsi mkono ulivyoangukia herufi. Yanet akafumba macho kidogo, akashuka na orodha, akasimama kwenye jjjkkkj.

Nilidhani atafungua yeye. Kidole chake kilishafika kwenye kitufe, kwa mazoea. Kisha akakiondoa, akamsogezea Elbio kiti.

Alimwambia aweke mkono wote mezani, kiwiko pamoja na kifundo, kipanya kikae ndani ya kiganja. Asifikirie upesi. Apeleke kishale juu ya picha ndogo iliyo kando ya jina, siyo juu ya jina lenyewe, abofye mara moja tu, kisha aondoe mkono kabisa kwenye kipanya. Elbio akafanya. Ilichukua muda, kishale kilizungukazunguka, kikapita, kikarudi. Akabofya. Ikawa ya bluu.

"Sasa bonyeza Enta. Hiki kikubwa hapa."

"Na mara mbili?"

"Hakuna mara mbili. Kimeshachaguliwa. Enta inafungua."

Elbio akamtazama kwa hasira mpya kabisa. "Kwa hiyo kulikuwa na njia hii tangu Alhamisi."

"Ilikuwapo."

"Na hukuisema."

"Sikuisema," Yanet akajibu. "Haimo kwenye kitabu, na sikufikiria."

Elbio akasema huo ni udanganyifu, ni kama kuingia nyumbani kwa mtu kupitia dirishani, na kwamba yeye ametangaza atafungua kama watu wanavyofungua. Akarudisha mkono kwenye kipanya. Akabofya mara mbili, hakuna kilichofunguka. Akabofya tena, kile kisanduku chembamba kikarudi. Yanet akamwonyesha kitufe cha pembeni kabisa juu, kile cha kukataa, kisanduku kikaondoka bila kuharibu jina. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya kipanya, akavuta alama ya kasi ya kubofya mara mbili mpaka mwisho wa upande wa taratibu, ili kompyuta isubiri zaidi kati ya bofyo na bofyo. Ikasaidia kidogo. Safari moja alikaribia kabisa, mkono ukaruka. Tulikaa hivyo mpaka maji ya mate yakapoa. Nilitamani nimkamate ule mkono niubofye mimi.

Mwishowe akabofya mara moja, akakaa, akakitazama kitufe cha Enta kama mtu anayetazama dawa chungu. Akakibonyeza.

Kukaja mkwaruzo, kisha kikohozi cha mwanamke, kisha Mirta akasema habari za asubuhi, na kwamba Elbio yuko salama ng'ambo ya mto ila hana soksi kavu. Elbio akaweka kiganja juu ya kompyuta, pale inapotoka sauti. Yanet akainuka akaenda kusimama sebuleni, nami nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa tayari safi.

Kabla ya kuondoka mwalimu alitaka kurudisha jina la Mirta kwenye faili. Elbio akakubali, ila akataka aandike yeye. Herufi tano zilimchukua muda, lakini vitufe vya herufi havina haja ya upesi.

Jumapili ukumbi ulijaa. Yanet hakuweza kuja. Alikuwa na mtoto mgonjwa. Na ile kompyuta aliyoirekebisha kipanya ilikuwa yake, iko kwake. Katibu wa klabu alileta ya kwake ya kukunjwa, akaiunganisha na spika, na haikuwa na kipanya. Ilikuwa na ile sehemu bapa ya kugusa kwa kidole. Nilipoiona nikakata tamaa palepale.

Elbio alivaa tai. Akakaa mbele ya mashine, katibu akamchomekea flashi na kumfungulia hadi penye majina, maana yeye mwenyewe aliomba hivyo na si zaidi. Picha ya skrini ilikuwa ukutani, kila mtu anaona kishale kinavyohangaika. Akapapasa ile sehemu bapa kwa kidole, kishale kikaruka hadi pembeni. Akakirudisha. Akagonga mara mbili, hakuna kitu. Akagonga tena, likafunguka faili lingine kabisa, sauti yake mwenyewe ya zamani ikatangaza kwamba ndama wawili wamepotea karibu na kituo cha reli. Watu wakacheka. Katibu akalifunga. Elbio akagonga tena, faili likanasa kwenye kidole, likaanza kutembea. Mtu mmoja nyuma akasema jamani si asaidiwe. Katibu akainama anyooshe mkono.

"Kaa," Elbio akamwambia.

Wilmar, ambaye kweli alikuwa amekuja na kiti chake cha kulalia, hakusema kitu. Alikuwa anaangalia sakafu. Nadhani ndiyo siku ya kwanza kumwona amenyamaza.

Elbio aliondoa mkono kwenye mashine, akaupumzisha mezani, kiwiko na kifundo. Akaupeleka tena, taratibu, kishale kikafika kando ya jina la Mirta, akagusa mara moja. Ukutani pakawa na mstari wa bluu. Akauondoa mkono kabisa. Kisha kwa kidole cha mkono wa kushoto, ule usiotetemeka sana, akabonyeza Enta.

Mirta alisoma vibaya. Alikosea majina, akarudia, akakohoa. Alisoma nani amekimbia maji na kuhifadhiwa shuleni, kwenye godoro namba ngapi, ng'ombe wa nani wameonekana kilimani, nani anamtafuta mama yake. Watu walikuwa wanainua vichwa wakisikia majina ya nyumbani kwao. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu alifunika mdomo alipotajwa baba yake. Elbio alikaa ameupa ukumbi mgongo mpaka mwisho, na kila Mirta alipokosea jina alikuwa akilisahihisha kwa sauti ndogo.

Walipompigia makofi alisimama, akainamisha kichwa, akanifuata nilipokaa. Nilitegemea atafurahi. Akaniambia kwamba ameona aibu kubwa, kwamba hakuna aliyemwona akibofya mara mbili, kila mtu amemwona akiingia kupitia dirishani. Nikamwambia hakuna aliyekuwa anaangalia kidole chake. Hakuniamini.

Alhamisi iliyofuata alirudi darasani hata hivyo. Yanet alianza kwa kutuomba tuweke mikono yetu juu ya meza, yote, aione. Akapita polepole meza hadi meza, akimwuliza kila mtu panauma wapi, kidole kipi hakikunjiki, nani haoni kishale. Ikaonekana karibu kila mmoja ana lake. Hata Wilmar alikuwa na kidole kisichokuwa na hisia tangu siku kisu cha bucha kilipomkata. Akatuonyesha sisi wote Enta. Akatuonyesha namna ya kupunguza kasi. Kisha akasema tujaribu kuburuta tena, bila haraka, na asiyeweza kuburuta kuna njia ya kukata na kubandika, hiyo pia ni halali.

Saa nzima tulihangaika. Mimi nilipoteza mafaili mawili. Elbio alijaribu mara kadhaa, folda zikawa zinamwangukia popote isipokuwa alipotaka, hadi akasukuma kipanya mbali na kusema kwamba yeye vitu vyake viko sawa hapo vilipo. Halafu akakivuta tena, akajaribu kubofya mara mbili. Haikufunguka.

"Mwalimu," akaita. "Njoo uone tena."

Yanet akaja, akavuta kiti, akakaa.